Migomo Miwili ya Kilindini na Mshahara wa Kibarua

Katika miaka ya 1930 na 1940, sehemu kubwa ya kazi ya kupakia na kupakua meli katika bandari ya Kilindini ilikuwa mikononi mwa vibarua wa kutwa. Mtu alijitokeza asubuhi, akichaguliwa akaingia kazini, jioni akalipwa, na kesho yake kila upande ulikuwa huru na mwenzake. Meli zikiwa nyingi, watu wengi walihitajika. Zikipungua, wengi walirudi mitaani mikono mitupu. Mshahara haukujadiliwa. Kampuni za bandarini zilikuwa na bei yao ya siku, na aliyeikataa alikuwa na mwenzake nyuma yake aliye tayari kuipokea, kwa kuwa naye alikuwa na kodi ya chumba na watoto wa kulisha.

Kibarua mmoja akidai nyongeza hana anachokizuia. Kampuni ikimkosa yeye haikosi kazi, inamkosa yeye tu. Wasipotokea wote ndipo hesabu inabadilika, kwa sababu meli iliyofunga gatini bila kupakuliwa inakula fedha za wenyewe kila siku, na shehena iliyosubiriwa Nairobi na Kampala haifiki. Tena vibarua wa Mombasa walikuwa na nguvu ambayo wenye ajira ya mwezi hawakuwa nayo. Aliyekosa kazi siku moja alipoteza ujira wa siku hiyo basi. Huwezi kumfukuza kazi mtu ambaye hukumwajiri. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, ameonyesha jinsi jambo hili lilivyowasumbua maofisa wa kikoloni. Ukibarua uliokuwa rahisi kwa mwajiri katika siku za kawaida ulikuwa ndio huo huo uliofanya mgomo uwe mwepesi kuanza na mgumu kuzimwa.

Kulikuwa na mgomo bandarini mwaka 1934, na mwingine mwaka 1939. Lakini uliotikisa mji mzima ulianza Jumatatu, tarehe 13 Januari 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, bei za vyakula zilikuwa juu, nyumba hazitoshi na kodi hazishikiki. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa hotelini, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Kila siku walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Kiembeni kusikiliza habari na kuamua la kufanya. Katika mgomo huo ndipo lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake mkuu. Mgomo uliendelea kwa siku 12 hivi.

Ulikwishaje? Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikwenda Mombasa na kuwasihi wagomaji warudi kazini, huku serikali ikiahidi kuunda baraza la kuchunguza malalamiko yao. Baraza hilo liliongozwa na Jaji Thacker, ambaye miaka michache baadaye alikuja kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Likatoa nyongeza. Kwa hiyo mgomo ulizaa matunda, na asitokee mtu wa kuudharau.

Ila tazama nyongeza hiyo ilivyopatikana. Shirikisho lilikuwa na watu, lilikuwa na uwanja, lilikuwa na uwezo wa kuufunga mji, lakini halikuwa na haki ya kukaa mezani. Serikali ilikataa kulisajili. Hapakuwa na waraka ambao mwajiri ametia sahihi upande huu na wafanyakazi upande ule, kwa hiyo hapakuwa na tarehe ya mazungumzo mengine, wala mtu wa kumpelekea mwajiri malalamiko pale ambapo nyongeza haikulipwa ilivyoamriwa. Mshahara ulipandishwa na jaji, na kilichopandishwa na jaji kinasubiri jaji mwingine. Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kuishi uhamishoni Kabarnet kwa takriban miaka kumi. Nguvu ya watu 15,000 ilikuwa imefungwa kwa viongozi wachache bila kinga yoyote ya kisheria. Kiongozi alipoondolewa, shirikisho likafifia.

Mgomo wa 1947 ndio unaosimuliwa zaidi, na ninaelewa kwa nini. Mimi naona ule wa Machi 1955 una funzo kubwa zaidi kwa anayetaka kujua majadiliano ya mishahara yanavyofanya kazi. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimezuiwa, na chama cha wafanyakazi wa bandari kilikuwa kichanga. Maelfu ya watu wa bandarini waliacha kazi bila chama hicho kuwaita. Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, akiwa na umri wa miaka 24, alishuka Mombasa.

Alichowataka wafanyakazi kilikuwa kigumu kukimeza: warudi kazini, na wachague watu wa kusema kwa niaba yao. Mtu aliyekwisha kugoma anajua kwamba anachoshikilia ni kazi iliyosimama, na akiirudisha anaogopa amebaki bure. Walikubali. Madai yakaandikwa na kupelekwa mbele ya wasuluhishi, Mboya akiyatetea, na matokeo yakawa nyongeza ya asilimia 33.

Safari hii pia mtu wa tatu ndiye aliyekata shauri, lakini wafanyakazi walikuwa upande kamili katika shauri lenyewe, si watu wanaochunguzwa. Walikuwa na msemaji wao aliyepanga hoja, na mwajiri alilazimika kuzijibu moja moja. Mwajiri naye alipata kitu alichokihitaji sana, yaani mtu ambaye akikubaliana naye leo, makubaliano yatashikwa na maelfu kesho. Mwenye meli hapendi kulipa zaidi, lakini anachukia zaidi kutojua kama kesho kutakuwa na watu gatini. Chama kinachoweza kuwarudisha watu kazini kina bei mezani kama kile kinachoweza kuwatoa. Baada ya hapo chama cha bandari kilipata wanachama wengi na nguvu, na hadi leo Chama cha Wafanyakazi wa Bandari ndicho kinachojadiliana na Halmashauri ya Bandari za Kenya.

Mwaka 1962 Mboya alikuwa Waziri wa Leba, na mwezi Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kikazi. Mahakama ya mambo ya kazi ikafuata mwaka 1964. Kilichokuwa kimekosekana Kiembeni, yaani mwajiri kufungwa na wajibu wa kukaa na kusikiliza, kikaanza kupata mizizi. Leo kimo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 na katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010.

Njia ya kufika mezani kwa sheria hiyo ni hii. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 300 wanaoweza kujiunga na chama, bila kuhesabu mameneja. Kila anayejiunga hutia sahihi Fomu S, inayomruhusu mwajiri kumkata ada ya chama kwenye mshahara. Fomu hizo ndizo ushahidi. Zikifika 151, chama kina wingi wa kawaida, na mwajiri anatakiwa na sheria kukitambua. Kuanzia hapo hawezi tena kumwita mfanyakazi mmoja mmoja ofisini na kumuuliza anataka ngapi. Lazima azungumze na chama, na lazima atoe taarifa zinazohusu mazungumzo. Akisema hana fedha, wawakilishi wana haki ya kumwambia aonyeshe vitabu. Katika hatua hii chama kilichojiandaa hutofautiana sana na kilichokuja na kelele, kwa kuwa anayejua mishahara yote inachukua sehemu gani ya gharama za kiwanda anaweza kusema nyongeza ya asilimia 10 itagharimu nini hasa, na mwajiri hawezi kumtisha kwa neno hasara peke yake.

Wakielewana, mkataba wa pamoja huandikwa, hutiwa sahihi na kusajiliwa mahakamani. Ukishasajiliwa unaingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na mwajiri hawezi kuupunguza kwa barua ya faragha. Wakishindwana, mgogoro hupelekwa kwa Waziri, anateuliwa msuluhishi, na usuluhishi hupewa siku 30. Ukishindikana, chama kinaweza kutoa notisi ya mgomo ya siku saba. Mazungumzo yanaweza kumalizika ndani ya siku hizo saba, na si ajabu. Kila upande unakuwa umebakiwa na muda wa kutosha kuhesabu utakachopoteza. Chama kinachoruka hatua moja hapo humpa mwajiri nafasi ya kwenda kuomba amri ya kusimamisha mgomo, na madai ya haki yanageuka kuwa kesi ya utaratibu.

Waajiri wasiopenda chama nao wanajua kuhesabu, na wanapigana kwenye ile 151. Utaona mwanachama hodari ameitwa msimamizi ghafla, bila nyongeza ya maana, ili aondolewe katika kundi linaloweza kujiunga. Utaona barua za kujitoa chamani zinafika wiki moja, zote kwa maneno yale yale. Mwakilishi makini huweka nakala ya kila fomu yenye tarehe, kwa sababu siku ya kubishana mbele ya hakimu, kumbukumbu ya mdomo haihesabiki.

Njia nyingine ya mwajiri ya kukipunguzia chama nguvu ni ya zamani, na inaturudisha bandarini. Baada ya 1947 serikali na kampuni zilianza kuwapunguza vibarua wa Kilindini. Waliandikishwa, na aliyejitokeza siku chache mno alifutwa kwenye orodha. Waliobaki walipata mishahara bora na kazi ya uhakika, na chama chao kikawa imara. Waliofutwa hawakuwa na chama. Nguvu ya pamoja iliwanufaisha waliokuwa ndani ya orodha, na orodha yenyewe ikawa fupi.

Siku hizi orodha hiyo hufupishwa kwa mawakala. Kiwanda kile kile cha watu 300 kinaweza kuhamishia 120 kwa kampuni ya kuleta wafanyakazi. Wanavaa sare ile ile na kusimama kwenye mashine zile zile, lakini kwenye makaratasi mwajiri wao ni mwingine. Chama kikishinda nyongeza, haiwafikii. Kikitoa notisi ya mgomo, mashine zinaweza kuendelea kwa mikono yao. Mazungumzo yoyote ya mshahara yanayowaacha hao 120 nje yanampa mwajiri kitu kile kile alichokuwa nacho mwenye meli wa miaka ya 1930, mtu anayesubiri nyuma ya yule aliyekataa bei. Kwa maoni yangu, dai la kwanza mezani lisiwe asilimia ya nyongeza, bali kifungu kinachosema anayefanya kazi hiyo hiyo, kwa jina la mwajiri yeyote, alipwe mshahara ule ule, na wakala wake atie sahihi kwenye ukurasa huo huo.