Nilivyoorodhesha kila kinachonikata pesa, toka bando mpaka meseji za mpira

Leo nawaletea jambo lililonitoa jasho hapa Nyegezi, na ninadhani wengi wenu mnaosoma mkiwa kafe mmo humo humo bila kujua.

Mwezi wa kumi na moja kodi ya vyumba vyetu iliisha. Kama kawaida ya Mwanza, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, yaani 60,000 mara sita, 360,000. Nikakusanya kila senti, nikapungukiwa 180,000. Ikabidi nimwendee bosi wangu pale tunapotengeneza simu, anikopeshe. Kilichoniuma si deni lenyewe, ni kwamba mimi sinywi, sivuti, sina gari. Sasa mshiko unakwenda wapi? Basi nikafungua Excel nikaamua kuandika kila kitu kinachonikata kwa kujirudia, hata kama ni shilingi mia.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwamba vitu vyetu havilipwi kwa mwezi kama vya wazungu. Bando moja ni la siku, jingine la wiki, king'amuzi ni cha mwezi, meseji za mpira zinakata kila asubuhi, jina la tovuti linalipwa mara moja kwa mwaka. Ukiviweka pamoja hivyo hivyo, buku inaonekana ndogo na 30,000 inaonekana kubwa, wakati ukweli ni kinyume kabisa. Kwa hiyo nilitengeneza safu nne tu: A jina la kitu, B bei, C kinadumu siku ngapi, D gharama ya mwaka. Kwenye D2 unaandika hivi, halafu unaivuta mpaka chini:

```
=B2*365/C2
```

Angalia hiyo safu ya C, ndiyo yenye kazi. Watu wengi wanazidisha kwa 12 wakiona neno "mwezi". Lakini king'amuzi changu ni cha siku 30 toka siku niliyolipia, si cha tarehe moja mpaka tarehe moja, na siku 30 zinaingia kwenye mwaka mara kumi na mbili na kidogo. Kwa kile kinacholipwa kweli kwa mwezi wa kalenda, kama ada ya taka, kwenye C niliandika `=365/12` na kompyuta ikanyamaza.

Nilipata mistari kumi na moja. Bando la data la siku, buku, likatoa 365,000 kwa mwaka. Hapo tayari nilishika kichwa. Dakika za kupiga, 2,000 kwa wiki, 104,286. King'amuzi 19,000 kwa siku 30, 231,167. Hifadhi ya picha mtandaoni kama 5,500 kwa mwezi, 66,000. Meseji za matokeo ya mpira, mia kwa siku, 36,500. Meseji nyingine za maneno ya mapenzi ambazo naapa sikumbuki kujiunga, nazo mia, 36,500. Wimbo wanaousikia watu wakinipigia, 300 kwa wiki, 15,643. Taka 36,000, ulinzi wa mtaa 24,000, jina la tovuti yangu 30,000, na kodi ya jengo kwenye LUKU 18,000, nitaieleza. Chini nikaandika:

```
=SUM(D2:D12)
```

Ikaja 963,096. Kodi ya nyumba ya mwaka mzima ni 720,000. Yaani hivi vidogo vidogo vinazidi mahali ninapolala.

Lakini msikimbilie kufuta kitu kabla ya hatua ya pili, maana hizo bado ni bei za kwenye karatasi. Nilirudi kwenye simu nikahesabu meseji za malipo za siku 90. Bando la siku nilikuwa nimelinunua mara 104! Kuna siku linaisha saa nane mchana, unanunua jingine, unajisahau. Kwa hiyo gharama halisi si 365,000, ni 104,000 ndani ya siku 90, ambayo kwa mwaka ni 421,778. King'amuzi nacho kikageuka upande wa pili: miezi sita nililipia mara nne tu, siku nyingine tulikaa gizani. Gharama halisi 152,000, si 231,167. Jumla ikawa 940,707. Karibu sawa na ya mwanzo, ila sura ndani imebadilika, na nilikuwa nataka kumfukuza king'amuzi wakati mwizi mkubwa ni bando.

Tuanze na hilo bando. Lipo la siku 30 kwa 25,000. Kwa fomula yetu ni 304,167 kwa mwaka, kwa hiyo unaokoa 117,611. Hesabu nzuri, lakini ina mtego. Bando la mwezi halina breki: ukiwa na data nyingi unaangalia video nyingi. Likiisha siku ya 22, andika 22 kwenye C uone linalotoka: 414,773. Umerudi pale pale. Kabla sijanunua nikatafuta mpaka wangu. Matumizi yangu ya zamani ni kama 1,156 kwa siku. 25,000 gawanya kwa hiyo unapata siku 21.6. Likidumu siku 22 nimetoka sare, kila siku inayozidi hapo ndiyo faida. Nikazima programu kujisasisha zenyewe na video kujipakua kwenye makundi, na nikaandika tarehe ya kununua. La kwanza lilidumu siku 27. Si 30 waliyoniahidi, lakini imekubali. C yangu sasa imeandikwa 27, kwa hiyo kwa mwaka ni 337,963 na akiba ya kweli ni 83,815.

(Najua mtaniambia, kaka, 25,000 kwa mkupuo inatoka wapi? Kweli. Ndiyo maana tunanunua kwa kupima, kama sukari dukani, na ya kupima siku zote ni ghali. Mimi nilianza kuweka buku pembeni siku ambazo niko kazini natumia intaneti ya bosi. Ilichukua karibu miezi miwili.)

Sasa zile meseji. Ile ya mpira nilijiunga mwenyewe enzi za ligi, ya mapenzi Mungu anajua. Tatizo lake ni kwamba haikuombi ruhusa kila siku, inasubiri salio. Ukinunua bando moja kwa moja kwa pesa za kwenye simu huioni, lakini ukikwangua vocha ya 500, kabla hujafikiri imeshaondoka mia mbili. Dalili ni hiyo: salio linapungua wakati hujapiga. Kuitoa, fungua meseji yenyewe ya ile namba fupi usome mwisho wake, huwa wanaandika neno la kujiondoa. Tuma neno hilo kwa namba hiyo hiyo, kwa herufi zile zile, usubiri jibu la kuthibitisha. Halafu usiamini jibu. Weka salio dogo, lala nalo, asubuhi angalia. Ya mpira ilitoka siku hiyo hiyo. Ya mapenzi ilijibu "umefanikiwa" na asubuhi ikakata tena mia. Nikapiga 100 huduma kwa wateja, wakaiondoa wao, na nikaandika tarehe na saa niliyopiga. Kumbukumbu hiyo ina maana, kwa sababu ukitaka kwenda TCRA, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtandao wako. Wimbo wa mwito nao niliutoa kwenye menyu. Vitatu hivyo pamoja ni 88,643.

Ya LUKU aligundua mdogo wangu anayesoma SAUT, tunakaa wote. Akaniangalia nikiandika akasema, "Kaka, hiyo kodi ya jengo unailipa wewe kama nani?" Nikakosa jibu. Toka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na risiti yangu inaonyesha 1,500 kwa mwezi, inatoka kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Mita yetu ni moja kwa nyumba nzima na ninayenunua mwanzo wa mwezi ni mimi, kwa hiyo inanidondokea mimi peke yangu. Lakini kodi ni ya jengo na jengo si langu. Nilipiga picha risiti, nikamwendea mwenye nyumba kwa adabu. Alinung'unika kidogo, akakubali kupunguza 9,000 kwenye kodi ya miezi sita ijayo. Ni 18,000 kwa mwaka kwa maongezi ya dakika kumi. Wapangaji mnaosoma hapa, angalieni risiti zenu.

King'amuzi ndicho kilileta vita. Niliongeza safu ya E, mara ya mwisho kukitumia, na upande wangu ulikuwa mtupu, maana mechi za Simba na Yanga naangalia kibanda umiza kwa 500. Ila dogo ana tamthilia zake. Tukakubaliana tulipie miezi minne tu kwa mwaka, ile akiwa likizo, hivyo inabaki 76,000 na tunaokoa 76,000. Hakuna cha kufuta hapo, usipolipa kinazima chenyewe.

Hifadhi ya picha nimeiacha, ingawa 66,000 inauma. Nilikaribia kuikata, nikakumbuka nimejaza zaidi ya GB 15 za bure, na ukizidi hapo hata barua pepe za Gmail zinagoma kuingia. Inabidi kwanza nishushe video zote kwenye diski. Na kwa wale mnaofuta programu kwenye simu mkidhani mmejitoa: hapana, makato yanaendelea mpaka uingie Google Play ukafute malipo yenyewe. Taka na ulinzi sikuvigusa, hivyo ni vya mtaa.

Jumla ya nilichopunguza ni 266,458 kwa mwaka. Kwa miezi sita ni kama 133,000, na mimi nilipungukiwa 180,000. Kwa hiyo bado kuna pengo la 47,000 hivi kabla ya mwezi wa tano, na nimeanza kuutazama kwa jicho baya ule mstari wa dakika za kupiga. Nyie wadau, mnakatwa na nini ambacho mimi sijakiandika? Na mkifanya hesabu hii kwenye kompyuta ya kafe, jitumieni faili kwa barua pepe na mtoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka, maana jana nimekuta ya mtu imebaki wazi na mishahara yake yote.