Unaona Nini Kabla Kichwa Hakijaanza Kuuma?

Huanza na doa. Mwanamke anasoma ujumbe kwenye simu na kugundua kwamba herufi mbili tatu za katikati hazionekani. Akihamisha macho, doa nalo linahama. Baada ya dakika chache ukingo wake unaanza kumeremeta, unachongoka kama meno ya msumeno, kisha unatanuka polepole kuelekea pembeni. Akifumba jicho la kulia bado analiona, akifumba la kushoto bado analiona, kwa sababu tatizo haliko jichoni. Dakika ishirini au thelathini baadaye doa linafifia, macho yanarudi sawa, na hapo ndipo kichwa kinaanza kugonga upande mmoja, kichefuchefu kikifuatia.

Kichwa hicho ni kipandauso, na yale yaliyotangulia madaktari huyaita aura. Katika kila watu wanne wenye kipandauso, mmoja hivi huipata. Wengi wao hawamsimulii mtu. Mwingine hupimwa macho akaambiwa ni mazima, mwingine hulaumu uchovu au jua la saa saba. Akifika kliniki husema tu “kichwa kinanisumbua”, akapewa panadoli. Kumbe kwa mwanamke anayetaka vidonge vya majira, habari ya lile doa ina uzito kuliko habari ya maumivu yenyewe.

Mwaka 1941, mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley, ambaye alikuwa akiyapata mambo haya mwenyewe, alichora doa lake kadiri lilivyokua. Kutokana na michoro hiyo alikadiria kwamba kitu fulani kilikuwa kikitambaa juu ya sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura, alieleza wimbi ambalo huzichochea seli kisha kuziacha kimya kwa muda, nalo husambaa kwa mwendo unaokaribia ule ule. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba wimbi la namna hiyo ndilo linaloleta aura.

Mwendo huo wa kujikokota ndio unaoitambulisha. Aura hukua kwa dakika 5 au zaidi, na kwa kawaida kila dalili yake hudumu kati ya dakika 5 na saa moja. Wengine hupata ganzi inayoanzia kwenye vidole, ikapanda mkono, ikafika shavuni na hata kwenye ulimi. Wachache hukosa maneno kwa muda. Kwa upande mwingine, kuchukia mwanga kichwa kikiwa kimepamba moto si aura. Kuona ukungu katikati ya maumivu, au kuona nyota unaposimama ghafla, si aura pia. Ninalisisitiza hili kwa sababu kosa hutokea pande zote mbili: wapo wanaopewa kidonge wasichopaswa kumeza, na wapo wanaonyimwa kidonge kinachowafaa eti kwa kuwa waliwahi kusema wanaumwa kichwa.

Sasa tuje kwenye kidonge. Vidonge vya majira vya kawaida huitwa vya mchanganyiko kwa sababu vina homoni mbili, projestini na estrojeni. Projestini ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia mimba. Estrojeni husaidia, na hasa huifanya damu itoke kwa mpangilio, jambo ambalo wanawake wengi hulipenda. Lakini estrojeni hiyo ikipita kwenye ini, hulifanya litengeneze kwa wingi zaidi vitu vinavyogandisha damu na kupunguza baadhi ya vile vinavyozuia isigande. Kwa baadhi ya wanawake shinikizo la damu hupanda pia. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani mwaka 1960 kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, na taarifa za damu kuganda hazikuchelewa kufuata. Vingi vya leo vina 30, na vingine 20. Hatari imepungua sana, ila haijafutika.

Kipandauso chenye aura nacho, peke yake, huongeza kidogo uwezekano wa kiharusi kile kinachotokana na mshipa wa ubongo kuziba. Mambo haya mawili yakikutana kwa mwanamke mmoja, hatari inapanda zaidi. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa kichwa na wa uzazi wa mpango barani Ulaya lilitoa makadirio kwa wanawake wa miaka 20 hadi 44. Katika wanawake 100,000 wasio na kipandauso na wasiotumia homoni, kama 2 au 3 hupata kiharusi cha aina hiyo kwa mwaka. Wakiwa na aura bila homoni, ni kama 6. Wakiwa na aura na huku wanatumia homoni, ni kama 37.

Tuisome namba hiyo bila kuikuza wala kuipuuza. Kati ya wanawake 100,000, zaidi ya 99,900 watamaliza mwaka salama, kwa hiyo aliyemeza vidonge miaka mitano hana sababu ya kukosa usingizi leo usiku. Lakini kiharusi katika umri wa miaka 30 ni mkono usioinuka na mdomo usiotamka, na katika jambo hili njia nyingine zinazuia mimba vizuri sawasawa au zaidi. Hatari ndogo isiyo na faida yoyote ya ziada haina haja ya kubebwa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeweka vidonge vya mchanganyiko katika kundi la 4, yaani visitumike, kwa mwanamke yeyote mwenye kipandauso chenye aura, awe na miaka 18 au 40. Katazo hilo linahusu pia kiraka cha ngozi, pete ya ukeni na sindano ya kila mwezi yenye estrojeni. Kwa kipandauso kisicho na aura mambo ni laini zaidi: aliye chini ya miaka 35 anaweza kuanza vidonge huku akifuatiliwa, lakini kuanzia umri huo havipendekezwi. Sigara na shinikizo la juu huongeza uzito kwenye kila hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza vitenge wa miaka 29, mama wa watoto wawili, anafika kituo cha afya mjini Morogoro kuchukua pakiti nyingine. Presha yake ni 118 kwa 76. Havuti sigara. Kwa karatasi, hana kasoro. Nesi anamuuliza kama ana tatizo lolote.

“Kichwa tu, sista. Lakini hicho nimekizoea.”

“Kinapokaribia kuanza, dada, macho yako yanakuwaje?”

“Mh! Naona vitu vinametameta hivi, vimekatika-katika. Nikishaviona tu najua leo nimeumbuka.”

“Vinakaa muda gani?”

“Naweza kufungua duka na kupanga mzigo wote, ndo vinaondoka.”

Nesi angeishia kwenye presha, pakiti ingetoka. Badala yake anamuuliza pia kama kichwa huja zaidi anapofika kwenye vile vidonge saba vya kahawia vya mwisho wa pakiti. Hivyo ni vya madini ya chuma, havina homoni, na wengi huumwa kichwa siku hizo kwa kuwa estrojeni imeshuka ghafla. Kwake vimulimuli huja siku yoyote, na vilianza hata kabla hajaanza vidonge. Jibu liko wazi: pakiti hii aiache leo, asingoje kuimaliza, na asiondoke mikono mitupu. Mimba asiyoitaka nayo ina hatari zake, kiharusi kikiwemo, kwa hiyo kuacha bila mbadala si usalama.

Njia ambayo haimgusi kabisa kwa upande wa damu ni kitanzi cha madini ya shaba, ambacho wengine wanakiita lupu na Wakenya koili. Hakina homoni, huanza kazi siku kinapowekwa, na hukaa miaka 10 au zaidi. Kasoro yake ni kwamba hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu, hasa miezi ya mwanzo, na mama huyu anasema tayari anapata damu nyingi. Basi wanageukia njia za projestini peke yake. Vipo vidonge vyake, ambavyo vyote 28 vina dawa, lakini vile vya kawaida vinataka saa ile ile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa 3 kinga inalegea, na mtu anayeamka alfajiri kufuata mzigo hawezi kuahidi hilo. Ipo sindano ya miezi 3, nzuri kwa usiri, ila ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi. Vipo vijiti vya mkononi, vya miaka 3 au 5 kutegemea aina.

Anachagua kijiti. Kwa kuwa alikuwa akimeza vidonge bila kuruka, anaweza kuwekewa siku hiyo hiyo bila kungoja hedhi. Anaambiwa ukweli kuhusu usumbufu wake: damu inaweza kuja bila ratiba, matone leo, wiki mbili kimya, kisha tena. Mwongozo unaruhusu projestini kwa wenye aura, lakini unataka hali itazamwe upya endapo aura itaanza au kuzidi wakati wa matumizi. Hiyo ndiyo sababu ya kurudi kituoni, hata kama damu haimsumbui. Kondomu hazina shida kwake, na vidonge vya dharura, vile vya siku moja visivyo na estrojeni, pia anaweza kuvitumia.

Kwa anayenunua duka la dawa bila kupita kwa nesi, soma ubavu wa pakiti. Ukiona neno lenye “estradiol” ndani yake, hicho ni cha mchanganyiko.

Kabla hajatoka anauliza atajuaje siku ikija siyo aura bali kiharusi chenyewe. Aura huja hatua kwa hatua, na mara nyingi huongeza kitu: mmeremeto, mchomo wa ganzi unaotembea. Kiharusi hukata. Uso unaanguka upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno yanapotea, vyote kwa mkupuo. Hapo ni hospitali dakika ile ile. Hata aura inayopita saa moja, au inayoleta udhaifu wa mkono au mguu usioujua, usiisubiri nyumbani.

Bado kuna jambo moja ambalo hata waganga husahau. Mwenye vipandauso vya mara kwa mara anaweza kuandikiwa dawa ya kuvizuia, na baadhi ya dawa hizo zinaingiliana na uzazi wa mpango. Topiramati, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti, lakini haisumbui kitanzi wala sindano ya miezi 3. Valproati humdhuru mtoto tumboni, hivyo haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Propranololi haina ugomvi na njia yoyote kati ya hizi, ingawa mwenye pumu hapewi. Mama wa Morogoro, siku daktari atakapotaka kumwandikia dawa ya kichwa, ataje kijiti kilichoko mkononi mwake kabla kalamu haijagusa karatasi.