Klabu Iliyolipia Kununuliwa Kwake

Mwanzoni mwa mwaka 2005 Manchester United haikuwa na deni la benki. Hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika Soko la Hisa la London tangu 1991, uwanja wa Old Trafford ulikuwa mali yake, na kila mwaka ilipata faida na kuwagawia wanahisa. Mashabiki wake, kuanzia Salford hadi Kariakoo na Kibera, waliiona hali hiyo kuwa ngome. Kwa mtu anayetafuta kampuni ya kununua kwa fedha za kukopa, hali hiyo hiyo ilikuwa mwaliko.

Mkopeshaji wa biashara ya namna hii hutazama mambo matatu. Kwanza, je, fedha zinaingia kwa uhakika mwaka hadi mwaka? Pili, kuna mali gani inayoweza kuwekwa rehani? Tatu, mali hiyo tayari ina deni la mtu mwingine? Manchester United ilijibu vizuri maswali yote matatu. Tiketi za msimu zililipiwa kabla mpira haujapigwa, mikataba ya televisheni ilikuwa ya miaka kadhaa, uwanja ulikuwa wao na hapakuwa na benki iliyotangulia mlangoni.

Malcolm Glazer, tajiri wa Florida aliyemiliki timu ya Tampa Bay Buccaneers, alianza kununua hisa za klabu mwaka 2003, kidogo kidogo. Kufika mwishoni mwa 2004 alikuwa na zaidi ya robo. Fungu kubwa lililobaki lilikuwa la Waayalandi wawili, John Magnier na J.P. McManus, waliokuwa wametoka kugombana na kocha Alex Ferguson juu ya umiliki wa farasi wa mbio aitwaye Rock of Gibraltar. Tarehe 12 Mei 2005 wakamuuzia Glazer asilimia 28.7 waliyokuwa nayo, kwa senti 300 za pauni kila hisa. Akawa mwenye klabu.

Hata hivyo, umiliki wa zaidi ya nusu haukumtosha, na hapa ndipo penye ufundi wa jambo lenyewe. Sheria ya kampuni ya Uingereza ya wakati ule iliikataza kampuni iliyo sokoni kutumia mali yake kumsaidia mtu kununua hisa zake. Kampuni binafsi iliruhusiwa, kwa kufuata utaratibu maalumu. Kwa hiyo Glazer alihitaji asilimia 75 ya kura ili apitishe azimio la kuibadili klabu kuwa kampuni binafsi. Alizifikisha katika siku chache. Juni klabu ikaondolewa sokoni, na wanahisa wadogo waliosalia, wakiwemo mashabiki waliotundika vyeti vyao ukutani, wakalazimika kisheria kuuza.

Bei yote ilikuwa takriban pauni milioni 790. Familia ya Glazer ilitoa kiasi cha milioni 272. Benki zilikopesha milioni 265, na dhamana yake ilikuwa mali za klabu yenyewe. Milioni 275 nyingine zilitoka kwa mifuko mitatu ya uwekezaji ya Marekani, na gharama za shughuli yenyewe nazo zikalipwa humo humo.

Mtu akinunua daladala kwa mkopo na kuilipa kwa hesabu ya kila siku, hatushangai: basi limekuja kwake pamoja na deni lake. Hapa basi lilikuwa tayari linatembea, limelipiwa zamani, halidaiwi na mtu. Mnunuzi alilichukua, akaliandikia deni la kulinunua, kisha abiria wale wale wakaanza kulilipa kwa nauli zao. Ndiyo maana nasema klabu ililipia kununuliwa kwake. Deni lilikaa katika vitabu vya makampuni yaliyoimiliki klabu na ya klabu yenyewe, na mali binafsi za wanunuzi hazikuwa zimewekwa rehani kwa deni la benki.

Madeni hayo hayakufanana. Mwenye rehani ya uwanja hulala usingizi, hivyo hutoza riba ya wastani. Mifuko ya uwekezaji ilisimama nyuma ya benki katika foleni ya kulipwa. Mikopo ilipopangwa upya mwaka 2006, jumla ikawa pauni milioni 660 na riba ya mwaka ikafika kama milioni 62. Sehemu ya kama milioni 138 ilikuwa ya aina ambayo riba yake hailipwi kwa fedha taslimu: inaongezwa juu ya deni, na mwaka unaofuata hiyo riba nayo inatozwa riba. Kiwango kilikuwa asilimia 14.25. Kwa mwendo huo deni hujizidisha mara mbili katika miaka mitano hivi. Kufikia 2010 lilikuwa limevuka milioni 200, bila mtu kukopa hata senti moja zaidi. Familia ililimaliza deni hilo Novemba mwaka huo.

Dalili za mzigo huonekana katika hesabu kabla hazijaonekana kwingine. Msomaji asianzie kwenye faida ya mwisho. Atazame kwanza faida ya uendeshaji, ile iliyopatikana kabla ya riba, kisha aulize riba inameza kiasi gani cha hiyo. Aangalie pia kama kuna kitu kikubwa kilichouzwa mara moja tu. Mwaka 2009 klabu ilitangaza faida, lakini ndani yake mlikuwa na pauni milioni 80 za Cristiano Ronaldo kwenda Real Madrid. Bila mauzo hayo ingekuwa hasara. Mashabiki waliielewa hesabu hiyo. Mwaka 2010 walijaza Old Trafford skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu. Na wengine walikuwa wameshaondoka tangu 2005 kuanzisha FC United of Manchester.

Kwa nini klabu haikufilisika? Mwaka huo huo wa 2005 duka la wanasesere la Toys "R" Us la Marekani lilinunuliwa kwa njia ileile, kwa dola bilioni 6.6, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Riba ilikula fedha ambazo zingetengeneza maduka na kupambana na wauzaji wa mtandaoni. Likaomba ulinzi wa mahakama Septemba 2017, na 2018 maduka yake Marekani yakafungwa, maelfu wakikosa kazi. Mnunuzi wa midoli anaweza kuhamia duka jingine. Shabiki wa Manchester United hahamii City kwa sababu tiketi imepanda. Uaminifu huo, pamoja na thamani ya matangazo ya Ligi Kuu iliyopanda kwa kasi, ndio ulioliokoa deni; na kwangu mimi hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba mapenzi ya watu yaligeuzwa dhamana bila wao kuulizwa.

Agosti 2012 hisa ziliuzwa New York kwa dola 14 kila moja. Nusu ya fedha ilipunguza deni, nusu ikaenda kwa familia, ambayo ilibaki na hisa zenye kura kumi kila moja. Februari 2024 Jim Ratcliffe alinunua asilimia 27.7 kwa dola 33 kwa hisa, na pia akaahidi dola milioni 300 kwa ajili ya klabu na miundombinu yake. Wauzaji walilipwa. Deni kuu la dola milioni 650 halikuguswa, na klabu bado inalilipia riba.