Pampu ya Sola Bila Betri: Soma Volti Kabla ya Wati

Mwenye bustani ya mboga anaweza kuachana na betri kabisa. Mchana pampu inajaza tangi, jioni anamwagilia. Swali ni paneli ngapi zinatosha, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Tuchukue pampu ya kuzamisha ya volti 24, wati 200, yenye kontrola yake iliyoandikwa kwamba haivumilii zaidi ya volti 48. Ukiipa paneli moja ya wati 200, hesabu inaonekana sawa lakini maji yatakusumbua. Wati zilizoandikwa kwenye paneli ni za jua kali na paneli isiyo na joto. Juani mchana, paneli ikishachemka, hutoa pungufu, na saa tatu asubuhi pungufu zaidi. Pampu itastuka, itazunguka kidogo, itasimama, kisha itajaribu tena. Kwa hiyo wati za paneli ziwe mara 1.3 hadi 1.5 ya wati za pampu. Hapa, paneli mbili za wati 150 zinafaa.

Usihofu kwamba wati 300 zitaunguza pampu ya wati 200. Kontrola huchukua inachohitaji tu. Kinachoiunguza ni volti, na kwangu hili ndilo la kukaririwa.

Paneli inayouzwa kama ya volti 12 hutoa takriban volti 18 ikifanya kazi, na 22 ikiwa haijabebeshwa mzigo. Ungeni chanya ya moja na hasi ya nyingine: mnapata volti 36 kazini, na 44 bila mzigo. Asubuhi yenye baridi, kama ya Njombe, volti hupanda kidogo, pengine zikafika 46. Bado tuko chini ya 48. Lakini paneli moja kubwa ya wati 550, ambayo siku hizi imejaa madukani, bila mzigo hukaribia volti 50. Ukiiunga hapo, kontrola imekwenda.

Waya za paneli ziingie kwenye kontrola kupitia swichi ya umeme wa DC, kisha kontrola ndiyo iende kwenye pampu. Usichomoe viunganishi pampu ikiwa inazunguka, maana cheche za DC hazizimiki upesi. Kama waya ni wa mita 20, tumia shaba ya milimita 4 za mraba. Mwembamba hula volti njiani.

Pampu ikigoma, pima kwa mita. Zikisoma 44 bila mzigo, kisha zikaporomoka pampu inapoanza, nguvu ya jua haitoshi, au kuna kivuli. Hata tawi moja juu ya paneli moja huzidhoofisha zote mbili. Zikiwa chini tangu mwanzo, kagua viungo vya waya.

Kabla ya kulipa dukani, geuza paneli usome namba iliyo mbele ya Voc, uilinganishe na kikomo cha kontrola. Ikizidi, hata kwa volti moja, iache.