Shampuu ya kipande na ya kupima: je, zinafikia ya chupa?

Jamaa zetu walioko Kitale na Bungoma wakija Pwani siku hizi huleta shampuu ya kipande kama zawadi. Wao wanaisifu kwamba inatoa povu jingi na nywele zinabaki laini. Akiitumia mtu wa huku kwa maji ya kisima, nywele zinanata kama zimepakwa nta. Wengi husema kipande ni kibovu. Ukweli ni kwamba tofauti iko kwenye maji, na kwenye kilichomo ndani ya kipande chenyewe.

Vipande viko vya aina mbili, japo kwa macho vinafanana. Aina ya kwanza ni sabuni halisi, yaani mafuta yaliyopikwa na kostiki. Aina ya pili ni shampuu kavu: visafishaji vile vile vinavyotiwa kwenye chupa, ila maji yameondolewa. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya shampuu ya chupa ni maji tu.

Maji ya mabomba ya Kitale na Bungoma hutoka mitoni, kwenye vijito vya milimani. Maji hayo hayana chokaa nyingi, kwa hiyo hata sabuni halisi hutoa povu vizuri. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa hugeuka utando mweupe usioyeyuka, na huo ndio unaonata kwenye nywele. Shampuu kavu haifanyi hivyo, basi kwa usafishaji inalingana na ya chupa.

Utajuaje uliyopewa ni ipi? Kwangua kipande kidogo, ukiyeyushe kwenye gilasi ya maji ya mvua yenye uvuguvugu, kisha koroga mpaka povu lijae. Tia kijiko kimoja cha siki, ukoroge tena. Povu likifa na maji yakawa kama maziwa yaliyokatika, hiyo ni sabuni. Povu likibaki, ni shampuu kavu. Kama ni sabuni, usiitupe: oshea maji ya mvua, au suuza nywele mwishoni kwa kijiko kikubwa cha siki ndani ya lita moja ya maji, kisha maji matupu. Siki huondoa ule utando.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuchukue bei za mfano tu. Chupa ya mililita 400 kwa shilingi 400, ukitumia mililita 10 kila unapoosha, inatosha mara 40. Hiyo ni shilingi 10 kwa kila mara. Kipande cha gramu 60 kwa shilingi 500, kikipungua gramu moja kila mara, kinatosha mara 60, kama shilingi 8 na senti kidogo. Lakini kikiachwa kwenye kisahani chenye maji, kinayeyuka. Kikipoteza gramu 3 kila mara, kinaisha baada ya mara 20, na gharama imeruka hadi shilingi 25. Kwa unyevu wetu wa Pwani, kipande kinahitaji kisahani chenye matundu, mbali na ndoo. Pia usikisugue moja kwa moja kichwani, hasa kwa nywele za kipilipili, maana zitafungana. Toa povu mikononi kwanza.

Ya kupima ni habari nyingine. Unakwenda na chupa yako, muuzaji anakumiminia kutoka kwenye jerikeni. Tuseme mililita 400 ni shilingi 240: kwa mililita 10 kila mara, ni shilingi 6 tu. Hapo inaishinda ya chupa. Lakini ikiwa imeongezwa maji na unalazimika kutumia mililita 20, ni shilingi 12, nayo imekuwa ghali kuliko chupa mpya.

Usihukumu kwa uzito wake, kwa sababu shampuu nyingi hufanywa nzito kwa chumvi ya kawaida. Nunua kidogo kwanza, uhesabu umeosha mara ngapi. Taka kuona jerikeni lenyewe, lina jina la mtengenezaji na alama ya ubora. Shampuu iliyojitenga tabaka mbili au iliyobadilika harufu, iache. Na chupa yako ioshe na uikaushe kabisa kabla ya kujaza; ukimimina mpya juu ya mabaki yenye maji, vijidudu humea humo.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenye maji ya kisima, shampuu kavu iliyofaulu jaribio la siki haina la kuionea haya chupa, mradi ikauke. Ya kupima ndiyo rahisi zaidi, kwa muuzaji asiyeongeza maji. Sabuni halisi ya kipande waachiwe ndugu zetu wa Kitale na Bungoma, ambao mito yao inaikubali.