Ndoo ya Maji kwa Ndama Anayenyonya

Ukinunua utumbo buchani, lile pande lililo kama taulo ndilo tumbo kuu la ng'ombe, yaani rumeni. Malaika yale ya taulo ni vindimi vinavyofyonza lishe. Ndama mchanga karibu hana. Rumeni yake ni kijifuko laini, chembamba. Maziwa hayapiti humo. Akinyonya, mfereji ulio mwishoni mwa koo hujikunja kama bomba na kuyapeleka moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Ndiyo maana ndama anaweza kunenepa kwa maziwa miezi miwili na rumeni ikabaki changa.

Kinachoiamsha ni nafaka. Vijidudu vikiichachusha, hutoa asidi, hasa ile iitwayo butireti, na asidi hiyo ndiyo inayoviotesha vindimi. Nyasi kavu hutanua tumbo na kulipa misuli, ila asidi hiyo hutoka kidogo. Ndama aliyejazwa nyasi mapema utamjua: kitambi kinaning'inia, mgongo umekonda, manyoya hayana mng'aro. Wengi humsifu kuwa ameshiba!

Vijidudu navyo huishi majini. Maji ya ndoo, tofauti na maziwa, huingia kwenye rumeni, kwa hiyo maziwa hayawezi kushika nafasi yake. Kila kilo ya chakula kikavu huhitaji takriban lita nne za maji. Ndama aliyenyimwa maji hula nafaka kidogo, na mfugaji hulaumu chakula.

Tuseme ndama jike wa Friziani amezaliwa na kilo 35. Siku ya kwanza anapata dang'a. Kuanzia siku ya tatu, muwekee maji safi kwenye ndoo, na kando yake konzi moja ya mchanganyiko wa mahindi yaliyoparazwa, pumba za ngano, mashudu ya soya au alizeti, molasi kidogo na madini ya ndama, wenye protini kama asilimia 18. Usiusage kuwa unga; vumbi humziba pua. Usitie yurea, kwani tumbo lake bado haliiwezi. Akimaliza maziwa, mtie punje chache mdomoni. Kilichobaki kitoe kila asubuhi, maana chakula kilicholowa mate huchacha na hatakigusa. Kwa sababu hiyo hiyo, tenganisha ndoo mbili hizo, asihamishe chakula majini.

Wiki mbili za kwanza atakula kiasi cha kukukatisha tamaa, hasa akipewa maziwa mengi. Kuanzia wiki ya nne hupanda haraka. Usihesabu umri peke yake unapotaka kumwachisha, pima anachokula. Akifikisha kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, punguza maziwa polepole kwa wiki moja au mbili. Wengi hufika hapo karibu na wiki ya nane. Akisita kula unapopunguza, rudisha maziwa kidogo, kisha kaikague ndoo ya maji.