Semina ya Bure Inayoleta Wateja

Mshauri wa ushuru jijini Nairobi anayehudumia wenye nyumba za kupangisha akitangaza semina ya mtandaoni kuhusu “elimu ya ushuru”, atajaza watu wasio na nyumba. Aiite “Ushuru wa nyumba yako kabla ya tarehe 20”. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40. Basi 25 azitumie kupiga hesabu moja hadi mwisho. Kodi ya shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa asilimia 7.5, ni ushuru wa 3,000, na gharama za ukarabati hazipunguzwi. Hapo asifiche kitu, maana kazi anayouza ni ngumu zaidi. Zinazobaki ni za maswali. Anayeuliza kuhusu malimbikizo ya jengo lake ndiye wa kupigiwa simu kesho yake.